SOMO: Posho ya stendibai na saa za kuitwa, hesabu ya mwezi mzima kwenye Excel

Mwezi huu nimeulizwa jambo hili mara sita, mbili kati ya hizo niko kanisani. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Mimi napiga mishahara ya mafundi hapa Moshi. Vijana wetu wanahudumia majenereta na vyumba vya baridi, mahoteli ya Marangu mpaka mashamba ya maua kule Usa River. Maua hayasubiri asubuhi, kwa hiyo kila wiki kuna fundi wa stendibai.

Hatua ya 1. Tenganisha vitu viwili. Posho ya stendibai ni malipo ya kukaa tayari: simu iko hewani, hujagusa bia, hujapanda Rombo kwenye msiba. Inahesabiwa kwa usiku, uitwe usiitwe, na kiasi chake kinatoka kwenye mkataba wako. Saa za kuitwa ni kazi uliyofanya, inalipwa kwa saa na kwa bei ya juu. Usizichanganye kwenye safu moja.

Hatua ya 2. Bei ya saa moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka ugawanye mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, halafu kwa saa za kawaida za wiki. Kwa wiki ya saa 45 ni sawa na kugawanya kwa 195. Fundi wa mfano wetu ana 780,000, kwa hiyo saa yake ni 4,000. Ovataimu ni mara 1.5, yaani 6,000. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ni mara 2, yaani 8,000. Saa zinazoangukia kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zinaongezewa 5%, na sisi tunaipigia hesabu hiyo 5% kwenye bei ya saa husika, siyo kwenye 4,000.

Hivyo ni viwango vya chini vya sheria. Mkataba wako ukiwa na zaidi, fuata mkataba.

Hatua ya 3. Panga safu. A tarehe, B kuanza, C kumaliza, D saa, E kiwango, F saa za usiku, G malipo. J1 weka mshahara, J2 weka `=J1/195`, J3 idadi ya usiku wa stendibai, J4 posho ya usiku mmoja. Ongeza karatasi nyingine uiite Sikukuu, tarehe zake ziwe safu ya A.

Hatua ya 4. Kuingiza saa. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu.

Fundi anaandika kwenye kadi ya kazi kwa saa zetu. Excel haizijui saa zetu. Akiandika "saa 11:30 mpaka saa 1:30" amefanya kazi saa mbili, jioni. Mimi zamani nilikuwa naingiza 11:30 na 1:30 kama zilivyo. Ukitoa hapo unapata hasi 10. Lakini nilikuwa nimepewa dawa ya kazi za kuvuka usiku wa manane, ile ya `MOD`, ambayo ikikutana na hasi inaongeza siku nzima. Hasi 10 ikageuka 14. Tukamlipa fundi saa 14 kwa kazi ya saa mbili, na mimi sikuona kitu kwa sababu 14 ni namba nzuri tu, haina rangi nyekundu. Mwezi uliofuata ikabidi akatwe, hela ameshalipia ada. Mpaka leo akinipita kwenye korido ananisalimia kwa mbali.

Kwa hiyo mimi MOD sitaki kuisikia. Mtu akikosea kuandika saa, nataka hasi ionekane ili nirudi kwenye kadi.

Badala yake shika mambo mawili. La kwanza, badilisha saa kabla hujagusa kibodi: saa 1 asubuhi ni 7:00, saa 1 jioni ni 19:00, saa 5 usiku ni 23:00, saa 9 usiku ni 3:00. La pili, mstari mmoja hauvuki usiku wa manane. Kazi ikivuka, ivunje mistari miwili: wa kwanza unaishia 24:00 (andika hivyohivyo, Excel inaikubali), wa pili unaanzia 0:00 na tarehe ya kesho yake. Seli ikikuonyesha 00:00 badala ya 24:00 usishtuke, ni fomati tu, ndani thamani iko sawa.

Kuna kosa jingine baya zaidi kwa sababu halitoi hata hasi. Jumamosi fundi anaitwa saa 5 usiku, kompresa inajikata kila dakika kumi, anamaliza saa 9. Ukiingiza 5:00 na 9:00 kwenye mstari mmoja unapata saa nne, ambazo ni kweli. Kila mtu anatia saini. Kumbe saa tatu kati ya hizo ni za Jumapili na zilipaswa kulipwa mara mbili, na zote nne ni za usiku wakati Excel imeona moja tu. Atalipwa 24,300 badala ya 31,500.

Fomula za mstari wa 2, kisha ziburute chini:

```
D2: =(C2-B2)*24
E2: =IF(OR(WEEKDAY(A2,2)=7,COUNTIF(Sikukuu!A:A,A2)>0),2,1.5)
F2: =(MAX(0,C2-MAX(B2,20/24))+MAX(0,MIN(C2,6/24)-B2))*24
G2: =$J$2*E2*(D2+F2*5%)
```

Ile mara 24 usiisahau. Kwa Excel saa moja ni sehemu ya 24 ya siku. Pia D, F na G ziwe fomati ya namba, siyo ya saa.

Hatua ya 5. Jumlisha.

```
=SUM(G2:G40)+J3*J4
```

Mwezi wa fundi wetu: Jumanne 22:15 hadi 24:00 ni 11,025, na mwendelezo wake Jumatano 0:00 hadi 0:45 ni 4,725. Jumamosi 23:00 hadi 24:00 ni 6,300, Jumapili 0:00 hadi 3:00 ni 25,200. Alhamisi 17:30 hadi 19:30 ni 12,000, haina ya usiku. Jumla 59,250. Alikaa stendibai usiku 14 kwa 10,000, ni 140,000. Mwezi mzima 199,250, kabla ya PAYE.

Maswali.

Chalii wa Sakina: Fomula yako haifanyi kazi, inaleta -507.6

Dada Hesabu: Umeandika 22.15 kwa nukta. Andika 22:15.

Chalii wa Sakina: Sasa si ungesema

Dada Hesabu: Mfano wote nimeandika kwa nukta mbili, chalii wangu.

Fundi Baridi: Dada shikamoo. Hapo kwenye kuvunja mistari nimekuelewa, lakini usiku wa tarehe 31 kuamkia tarehe 1 unaingia mwezi gani?

Dada Hesabu: Marahaba kaka, swali zuri. Stendibai inahesabiwa kwa tarehe iliyoanzia, kwa hiyo usiku huo ni wa mwezi unaoisha. Kazi ya kuitwa inafuata tarehe ya mstari: ya kabla ya 24:00 mwezi huu, ya baada ya 0:00 mwezi ujao. Kuna ofisi zinaiweka kazi yote mwezi mmoja, na si kosa. Kosa ni kubadilisha utaratibu katikati, maana hapo saa zilezile zinalipwa mara mbili au hazilipwi kabisa.

Mpare Halisi: Mkataba wetu unasema ukiitwa hulipwi chini ya saa mbili hata ukikaza boliti moja. Nimejaribu kuweka MAX(2) kwenye D, mambo yameharibika.

Dada Hesabu: Yameharibika kwa sababu kazi iliyovunjwa mistari miwili inapewa saa mbili kila mstari. Iache D iwe saa za kweli. Ongeza safu ya H kwa saa za kujazia, uziandike kwa mkono kwenye mstari wa mwisho wa kazi hiyo. Umetoka 23:30 ukarudi 0:15, hiyo ni 0.75, basi H ni 1.25. Malipo yanakuwa:

```
G2: =$J$2*E2*(D2+H2+F2*5%)
```

Ile 5% sijaiweka kwenye H kwa sababu saa hizo hukuzifanya kazi. Na kuna faida ya pili: sheria inaweka ukomo wa saa 50 za ovataimu ndani ya wiki nne, na ukomo huo unaupima kwa D. Ukichanganya saa za kujazia utaona fundi amevuka kumbe hajavuka.

Mpare Halisi: Hilo la 50 sikuwahi kuliwaza. Asante sana.

Bosi Mtarajiwa: Weka faili hapa tudownload tu

Dada Hesabu: Safu saba na fomula nne. Ziandike.

Fundi Baridi: Saa za njiani zinahesabiwa? Moshi mpaka Usa River si hapa na pale.

Dada Hesabu: Soma mkataba. Kwetu saa inaanza fundi anapotoka nyumbani na inaisha anaporudi, na mlinzi wa shamba anaandika saa ya kuingia getini, kwa hiyo kadi inaweza kulinganishwa. Kama wenu unasema kuanzia eneo la kazi, basi B ni saa ya getini.

Babu wa Kiboriloni: Binti, mimi kadi zangu naandika "usiku wa Jumapili". Sisi tulivyokua, usiku wa Jumapili ni ule unaotangulia Jumapili. Hawa vijana wa ofisini wanaelewa Jumapili jioni.

Dada Hesabu: Shikamoo babu. Hapo umegusa penyewe, na mimi nimeshabishana na fundi mmoja nusu saa kwa neno hilo. Siku hizi kadi zetu zina nafasi mbili za tarehe, ya kutoka na ya kurudi, na anayependa maneno anaandika "Jumamosi kuamkia Jumapili".

Fundi Baridi: Mimi kadi naipiga picha kabla sijaikabidhi. Nimefungua ya mwezi uliopita sasa hivi, Jumamosi nilitoka saa 5 nikarudi saa 9. Nimelipwa 24,300.

Dada Hesabu: Kaka, mshahara wako wa msingi ni 780,000?

Fundi Baridi: Ndiyo.

Dada Hesabu: Wanadaiwa 7,200. Nenda na picha, na uwaombe wafungue mistari ya wenzako wa Jumamosi pia.