Kidonda cha Mdomoni Kilichopita Wiki Tatu: Lini Kikatwe Kipande cha Kupimwa

Ndugu wanachama, somo la leo linahusu kidonda cha aina moja tu, nacho ni kile kinachotokea ubavuni mwa ulimi, mkabala na jino lililovunjika. Katika kliniki ya meno ninakofanyia kazi, hapa Eastlands, ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu mwenye kidonda huja na maelezo yanayoaminika: jino linakwaruza, ulimi umechubuka, basi. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli, na siku ambayo si ya kweli huwa tumekwisha kupoteza miezi.

Nitamfuata mgonjwa mmoja, fundi wa ujenzi mwenye umri wa miaka 54 kutoka Kayole, mvutaji wa sigara, aliyekuja akiwa na kidonda cha wiki mbili upande wa kushoto wa ulimi. Alikuwa amekipaka dawa ya zambarau hadi ulimi wote ukabadilika rangi, na duka la dawa lilikuwa limemuuzia antibayotiki mara mbili.

Hatua ya kwanza: hesabu siku, na ujue unahesabu nini. Vidonda vya kawaida vya mdomoni, vile vidogo vya mviringo vyenye utando wa manjano na duara jekundu, hufunga ndani ya siku 7 hadi 14. Mtu anaweza kuvipata kila mwezi kwa miaka mingi na bado visiwe kidonda sugu, kwa kuwa kila kimoja hufunga na kingine huota mahali pengine. Tunachohesabu ni kidonda kilekile, mahali palepale, ambacho hakijawahi kufunga hata siku moja. Mtu akisema "ni kama mwezi hivi," mimi humuuliza kilianza kabla au baada ya kulipa kodi ya nyumba, na hapo tarehe hupatikana.

Hatua ya pili: kitazame, kisha kiguse. Ulimi hushikwa kwa shashi na kuvutwa mbele na pembeni, kwa sababu sehemu ya nyuma ya ubavu wake, karibu na magego ya mwisho, haionekani kwa kumwambia mtu atoe ulimi tu. Halafu kidole chenye glavu hupita ukingoni. Gusa ncha ya sikio lako chini, panapotundikwa hereni, kisha uguse gegedu la juu: ukingo wa kidonda cha kukwaruzwa hufanana zaidi na pale chini, na ukingo unaotisha hufanana na gegedu. Ukingo ulioinuka na kujiviringa, baka jekundu au jeupe kando yake, ganzi ya ulimi au mdomo isiyo na sababu, au tezi ngumu shingoni, yote hayo huondoa haja ya kungoja. Maumivu, kwa upande wake, hayatusaidii sana, kwa kuwa kidonda kidogo cha kawaida kinaweza kumliza mtu mzima, ilhali saratani changa huweza kukaa kimya kabisa.

Hatua ya tatu: ondoa kisababishi, pima, na uweke tarehe. Kidonda cha fundi wetu kilikuwa laini, cha milimita 9 kwa 6, na gego la chini lilikuwa na ncha iliyoingia humo sawasawa. Tulilisaga jino likawa laini, tukapiga picha, tukaandika vipimo na kumpa miadi ya wiki mbili. Hili ni jaribio kamili: kidonda cha jino, jino likishatengenezwa, kinapaswa kufunga au kupungua waziwazi ndani ya muda huo. Hatukumwandikia dawa ya kupaka yenye steroidi, maana hiyo huweza kutuliza wekundu na maumivu tukadhani tunapona.

Alirudi baada ya wiki tatu badala ya mbili, kazi ilikuwa imembana, na kosa letu ni kwamba hakuna aliyempigia simu. Kidonda kilikuwa na wiki tano, kimefika milimita 11, na ukingo wake wa nyuma ulikuwa umekuwa mgumu. Yeye alifurahi kwamba hakikuwa kikiuma tena.

Hatua ya nne: kukata kipande. Kazi hii hufanyika kwenye kiti cha meno, kwa ganzi ya kawaida, na haizidi nusu saa. Sindano ya ganzi huchomwa kando ya kidonda, si ndani yake, ili dawa isivuruge nyama itakayotazamwa. Kipande hukatwa ukingoni, kikichukua sehemu ya kidonda na sehemu kidogo ya nyama nzima, kwa kina cha kutosha. Katikati ya kidonda hapafai, kwa kuwa mara nyingi huwa na nyama iliyokufa ambayo mtaalamu wa patholojia hawezi kuisoma. Kidonda chote pia hakiondolewi siku hiyo, maana daktari wa upasuaji atakayekuja baadaye anahitaji kuona mipaka yake.

Kipande huingia mara moja katika fomalini ya asilimia 10, iliyo angalau mara kumi ya ukubwa wake. Kukiweka katika maji au kukiminya kwa koleo huharibu jibu zima. Fomu ieleze mahali halisi, umri wa kidonda, na sigara, pombe, miraa au tumbaku ya kutafuna.

Jibu la fundi lilionyesha saratani ya tabaka la juu la ulimi, na wiki hiyohiyo alipelekwa kwa madaktari wa upasuaji wa kinywa na taya, ambao walianza kwa kupiga picha za shingo.

Maswali ya wanachama

*Daktari, kwetu wanasema kisu kikigusa saratani inasambaa. Ni kweli?*
Sivyo, ndugu yangu. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni muda inaoachwa bila matibabu, na hakuna daktari atakayeanza matibabu hayo bila jibu la maabara.

*Mama yangu anameza dawa ya kuzuia damu kuganda. Aache kwanza?*
Asiache mwenyewe hata siku moja. Amweleze daktari jina la dawa. Kama ni wafarini, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu huchukua muda gani kuganda, hufanywa kabla, na kidonda hushonwa na kukandamizwa kwa shashi.

*Shikamoo daktari. Nina meno bandia, na kidonda kwenye fizi kimekaa mwezi mmoja.*
Marahaba. Yavue meno hayo na usiyavae hata wakati wa kula, lakini kwa kuwa umeshapita wiki tatu, mwone daktari wiki hii. Yeye ndiye atakayeamua kama kuna haja ya kungoja siku chache au kukata moja kwa moja.

*Mke wangu ana miaka 26, havuti wala hatafuni chochote, lakini kila mwezi hupata vidonda vitatu au vinne.*
Kama vyote hufunga ndani ya wiki mbili, hahitaji kukatwa. Apimwe damu, madini ya chuma, vitamini B12 na foleti, pamoja na VVU.

*Mimi nilikatwa, jibu likasema hakuna saratani, lakini kidonda bado kipo mwezi wa pili. Nitulie?*
Hapana. Jibu hilo linahusu kipande kilichochukuliwa tu, na huenda kilitoka mahali pasipofaa. Rudi na karatasi ya jibu, uulize kipande kilitoka ukingoni au katikati, na uombe kingine kikatwe. Kifua kikuu na kaswende pia huweza kuacha kidonda cha namna hiyo, kwa hiyo fomu ya mara ya pili itaje kwamba navyo vitafutwe.