Kwa nini √(1 − cos 2x) inadai alama ya | | kabla hujaintigreti

Hili swali kwa wanafunzi wa fomu siksi linarudi kila msimu wa mitihani: mtu anapewa intigro ya √(1 − cos 2x), anakumbuka fomula ya dabo engo, anageuza kuwa √2 sin x, anaintigreti fasta na kupata −√2 cos x, anaweka limiti, anapigia mstari jibu. Na mara nyingine anapata vema kabisa! Ndo maana hii tabia haiishi, kwa sababu limiti zikiwa 0 hadi π kosa halionekani popote. Sasa twende na limiti zinazolifichua, 0 hadi 3π/2.

Hatua ya 1: geuza kilicho ndani ya kipeuo

Fomula inasema cos 2x = 1 − 2 sin²x, kwa hiyo

```
1 − cos 2x = 2 sin²x
√(1 − cos 2x) = √2 · √(sin²x)
```

Hapa hakuna ubishi, hii ni kweli kwa kila x. Ishia hapo kwanza, usiguse kile kipeuo cha mwisho.

Hatua ya 2: toa kipeuo kwa adabu

Watu wengi wanaona √(sin²x) wanakata mraba na kipeuo kama vile vinafutana. Havifutani. Ukichukua namba hasi ukaipandisha mraba inakuwa chanya, na alama ya √ siku zote inakupa kile kipeuo ambacho si hasi, ile alama ya kutoa iliyokuwepo mwanzo haikumbukwi tena. √((−3)²) ni 3, sio −3. Kwa hiyo

```
√(sin²x) = |sin x|
√(1 − cos 2x) = √2 |sin x|
```

Usiniamini mimi, pima mwenyewe kwa x = 3π/2. Upande wa kushoto: cos 3π ni −1, ndani ya kipeuo unapata 1 + 1 = 2, jibu √2. Ukiandika √2 sin x bila vile vijiti viwili unapata −√2. Kipeuo kimetoa namba hasi, hicho kitu hakipo kwenye namba halisi, kwa hiyo mstari wako ulishakuwa uongo hata kabla intigro haijaanza.

Hatua ya 3: tafuta saini inabadilika wapi

Vijiti viwili haviintigretiki moja kwa moja, lazima uvifungue, na ili uvifungue unatakiwa ujue sin x iko chanya wapi na hasi wapi. Kati ya 0 na π ni chanya, unaacha kama ilivyo. Kati ya π na 2π ni hasi, unaweka alama ya kutoa mbele ili igeuke chanya. Limiti zetu zinaishia 3π/2, yaani tunavuka π mara moja tu, basi tunakata pale pale kwenye π.

Ukichora grafu inasaidia sana: √2 |sin x| ni matuta matuta, kila tuta lina upana π, na yote yako juu ya mhimili. Hamna bonde. Grafu yako ikishuka chini ya mhimili, vijiti vimekudondoka mahali.

Hatua ya 4: intigreti kipande kwa kipande

```
kutoka 0 hadi π:      √2 [−cos x] = √2 (1 + 1) = 2√2
kutoka π hadi 3π/2:   √2 [ cos x] = √2 (0 + 1) = √2
jumla:                3√2 ≈ 4.243
```

Yule asiyeweka vijiti anafanya √2 [−cos x] kutoka 0 mpaka 3π/2 kwa mkupuo, anapata √2, kama 1.414. Angalia hatari yake: ni namba chanya, inafanana na jibu la kawaida, hakuna kinachomshtua. Limiti zingekuwa 0 hadi 2π angepata sifuri, na sifuri angalau ingemshtua, maana eneo chini ya matuta yaliyo juu ya mhimili haliwezi kuwa sifuri (jibu sahihi pale ni 4√2).

Hatua ya 5: lipime jibu kwenye tairi

Hii intigro haikutungwa tu kuwasumbua watu. Chukua tairi la baiskeli lenye nusu kipenyo r, weka doa la rangi kwenye ukingo wake pale linapogusa ardhi, halafu lisukume kwenye barabara iliyonyooka. Doa linachora saikloidi, na likizunguka pembe t, urefu wa njia ya doa ni intigro ya r√2 · √(1 − cos t). Weka t = 2x, dt inakuwa 2dx, na unaona ni ile ile yetu ikiwa imezidishwa kwa 2√2 r. Mwaka 1658 Christopher Wren, yule msanifu majengo wa Uingereza, alionyesha kwamba tao moja la saikloidi lina urefu wa 8r kamili.

Limiti zetu za 0 hadi 3π/2 ni mzunguko mmoja na nusu. Kwa vijiti: 2√2 r × 3√2 = 12r, yaani tao zima 8r na nusu ya tao 4r, inakubaliana na Wren. Bila vijiti: 2√2 r × √2 = 4r. Sasa chukua r = 0.35 m. Tairi limesonga mbele 3π × 0.35, karibu mita 3.3, na jibu la bila vijiti linadai doa limesafiri mita 1.4 tu. Doa limefikaje huko mbele kwa njia fupi kuliko mstari ulionyooka? Jibu sahihi ni mita 4.2.

Hatua ya 6: wakikuomba intigro isiyo na limiti

Hapa hata waliokumbuka vijiti wanateleza. Jibu la −√2 cos x + C liko sawa pale tu sin x isipokuwa hasi, na ukijibu hivyo andika hilo sharti. Wengine wanatumia −√2 cos x · sgn(sin x), ambapo sgn ni 1 saini ikiwa chanya na −1 ikiwa hasi. Ukiidiferenshieti ndani ya kila kipande inakupa sawa, ila inaruka kwenye π kutoka √2 hadi −√2, kwa hiyo ukipachika limiti zilizovuka π unapoteza 2√2, na kwa mfano wetu unarudi kwenye √2 ile ile mbovu. Ya kuaminika ni hii, ambayo haina mruko:

```
F(x) = √2 (2n − cos(x − nπ)),   n = floor(x/π)
```

n inahesabu matuta uliyoyamaliza. Kwa 3π/2, n = 1, F = √2 (2 − 0) = 2√2; kwa 0, F = −√2; toa, unapata 3√2. Kama una Python karibu, hakikisha bila kutumia fomula yoyote ya dabo engo:

```python
from math import sqrt, cos, pi
n = 100000
h = 1.5*pi/n
print(h*sum(sqrt(1 - cos(2*(k+0.5)*h)) for k in range(n)))
```

Itakuletea 4.2426 na desimali zake. Ndugu yake, √(1 + cos 2x), anaenda vivyo hivyo ila ni √2 |cos x|, kwa hiyo unakata kwenye π/2 na 3π/2, sio kwenye π.