Jinsi ya kuwaandikia barua waliokosa ruzuku, na kuwaachia njia ya kuomba tena

Mwongozo huu ni wa mtu anayesimamia mfuko mdogo wa ruzuku kwa vikundi vya wakulima huku Nyanda za Juu Kusini. Tunaanzia pale kamati imeshamaliza kazi na fomu za alama ziko mezani, zimesainiwa. Mfano tutakaokwenda nao ni wa kubuni: kikundi cha parachichi cha Rungwe, wanachama 22, wameomba shilingi 9,450,000 na wamepata alama 52 wakati kiwango cha kupita ni 60.

Hatua ya 1: Tenga mafungu matatu kabla hujaandika neno

Waliokosa si kundi moja. Wapo walioishia mlangoni kwa kukosa sharti: cheti cha usajili hakipo, muhtasari wa kikao haujasainiwa, au ombi limefika baada ya tarehe ya mwisho. Wapo waliosomwa wakapata alama chini ya kiwango. Na wapo waliofikia kiwango, ila fedha ziliisha kabla ya kuwafikia.

Hawa wa tatu ndio wanaoharibiwa na barua moja kwa wote. Ukiwaambia "boresheni andiko lenu", watarudi nyumbani kulibomoa andiko ambalo halikuwa na kasoro. Waambie waziwazi kwamba walifikia kiwango, kwamba fedha zilitosha vikundi kadhaa tu (itaje idadi), na kwamba mara nyingine wabadilishe bei zilizopitwa na wakati, si mpango wao.

Wa fungu la kwanza barua yao ni fupi: sharti gani lilikosekana, na lilitajwa sehemu gani ya tangazo. Ongeza sentensi moja inayosahaulika sana: "Kwa sababu hiyo andiko lenu halikusomwa, na hatuna maoni yoyote juu ya mradi wenyewe." Bila hiyo wataamini wazo lao limekataliwa.

Kwenye jedwali la Excel weka sababu kwenye safu ya C kwa maneno mawili matatu, yaleyale kila inapojirudia, halafu kwenye safu ya pembeni hesabu kila sababu imejirudia mara ngapi:

```
=COUNTIF(C:C,C2)
```

Sababu moja ikijirudia kwa theluthi ya waombaji, kagua tangazo lako kwanza. Huenda sharti liliandikwa kwa namna isiyoeleweka, na hapo barua inapaswa kukiri hivyo.

Hatua ya 2: Kichwa na sentensi ya kwanza

Anwani, tarehe, kumbukumbu namba na jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti, hayo unayajua. Kwenye YAH taja jina kamili la mfuko. Usiandike "ombi la ruzuku" likabaki hivyo, maana vijijini ukisema ruzuku wengi wanasikia mbolea ya ruzuku, na ukisema fedha za vikundi wanasikia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Kikundi kimoja kinaweza kuwa kimeomba kote.

"Somo tajwa hapo juu lahusika" mimi huifuta. Inakula sentensi ya kwanza, na sentensi ya kwanza ni mahali pa jibu:

"Tunawashukuru kwa ombi lenu la tarehe 12 Julai. Kamati imelisoma, na safari hii halikuchaguliwa kupata fedha."

Jibu likikaa aya ya tatu, baada ya sifa na historia ya mfuko, msomaji atakuwa ameshaanza kupanga matumizi.

Hatua ya 3: Aya ya sababu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo barua nyingi huangukia kwenye "kutokana na ushindani mkubwa". Sentensi hiyo haisemi uongo, lakini haimpi mtu kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Kumbuka kwanza nani atakayeisoma. Barua hii haisomwi na mtu mmoja chumbani. Katibu atasimama nayo kikaoni na kuisoma kwa sauti mbele ya wenzake 21, na baadhi yao walichanga fedha za kuchapisha andiko na nauli ya kulipeleka Tukuyu. Kwa hiyo kila neno lipime kwa sikio la kikao. Ukiandika "andiko liliandikwa vibaya", umemshtaki katibu hadharani. Ukiandika "hesabu za fedha zina mashaka", mweka hazina ataulizwa pesa zimekwenda wapi, ingawa hakuna shilingi iliyopotea. Zungumzia karatasi, taja ukurasa na tarakimu, waache watu pembeni.

Sasa chukua fomu za alama. Za kikundi chetu zina maoni manne ya wajumbe:

"Miche mingi mno."
"Bajeti haieleweki."
"Hawajajipanga."
"Wazee watupu."

La nne litupe. Kama umri haukutajwa kwenye vigezo vya tangazo, hauwezi kuwa sababu ndani ya barua, na kama ulipunguza alama kweli, rudisha fomu kwa mwenyekiti wa kamati kabla barua haijatoka. La tatu ni hukumu, si sababu. Muulize mjumbe aliyeliandika aliona nini hasa. Akishindwa kuonyesha ukurasa, nalo linatupwa.

Yanabaki mawili, na yote bado ni mabichi. Fungua andiko lenyewe uyapike. Kwenye ukurasa wa 3 kikundi kinasema kina shamba la ekari 5 na kitapanda mita 7 kwa 7. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi, na kila mche kwa nafasi hiyo unachukua 49, kwa hiyo ekari inaingia miche 82 na ekari 5 takribani 410. Bajeti inaomba miche 1,000. Hapo "miche mingi mno" imepata mwili.

Kisha jumlisha bajeti kwa mkono wako. Miche 5,000,000, mashimo na mbolea 1,950,000, mafunzo 2,000,000. Jumla ni 8,950,000, lakini chini ya jedwali imeandikwa 9,450,000. Laki tano hazina mstari. Hilo ndilo "haieleweki" la mjumbe wa pili.

Aya inakuwa hivi:

"Ombi lenu lilipata alama 52 kati ya 100, kiwango cha kupita kilikuwa 60. Alama nyingi zilipungua kwenye bajeti, kwa mambo mawili. La kwanza, ukurasa wa 3 unaonyesha ekari 5 kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ambazo zinatosha miche kama 410, wakati bajeti imeomba miche 1,000. Kamati haikuona miche iliyobaki itapandwa wapi. La pili, mistari ya bajeti ikijumlishwa inatoa 8,950,000, na jumla iliyoandikwa ni 9,450,000. Sehemu ya soko ilipata alama nzuri, kwa sababu mlimtaja mnunuzi na kuambatisha barua yake."

Angalia sentensi ya mwisho. Hiyo si pipi ya kumbembeleza mtu. Inawaambia sehemu gani wasiiguse. Sifa ya namna ya "mradi wenu ni mzuri sana" iache, maana kikao kitauliza: kama ni mzuri sana, mbona tumekosa?

Mambo mawili yanatosha, matatu yakizidi sana. Ukiorodhesha kasoro tisa, ile iliyowaangusha itapotea kati ya makosa ya tahajia. Chagua zilizokula alama nyingi.

Alama zao wape, nafasi yao kwenye foleni usiwape. Ukiandika "mlikuwa wa 31 kati ya 40", kikao kitaacha kuongelea miche kitaanza kutafuta nani alikuwa wa 30. Kwa sababu hiyohiyo usiwalinganishe na waliopata. Vikundi vya kata moja vinajuana, vinaoleana, na "wenzenu wa kijiji cha jirani walifanya vizuri zaidi" ni sentensi itakayoishi miaka.

Jihadhari pia na sababu inayogeuka kuwa ahadi. "Mkirekebisha bajeti mtapata" ni deni ulilolibeba peke yako, na kamati ya mwakani hailijui. Kasoro iliyoonekana unaweza kuitaja. Matokeo yajayo huwezi. Na usiwashauri kubadili mradi. Kusema "punguzeni miche au ongezeni shamba" tayari ni kuwapangia. Sema kilichopishana, wao watajua kama ekari nyingine zipo na walisahau kuzitaja. Mara nyingi zipo.

Ukitaka kujua kama aya imekaa sawa, mpe mtu wa ofisini asiyelijua ombi hilo, kisha mwulize: "Hawa wakiomba tena, watabadilisha nini?" Akijibu kwa namba au kwa kutaja ukurasa, ipeleke. Akijibu "wajitahidi", rudi kwenye fomu.

Hatua ya 4: Njia ya kurudi

"Tunawakaribisha kuomba tena" peke yake ni adabu tu. Ibebeshe tarehe, nyaraka na simu. Kama tarehe ya dirisha lijalo haijapangwa, taja tangazo litabandikwa wapi na usibuni mwezi. Kwa kilimo chetu hili lina uzito: mvua huanza Novemba kuingia Desemba, na kikundi kinachojua mapema kinaweza kuamua kama kisubiri au kianze na miche michache ya fedha zake.

Eleza nyaraka zipi hazihitaji kutafutwa upya. Cheti cha usajili na katiba vikiwa havijabadilika, nakala zilezile zinatosha. Barua ya mtendaji na profoma ziwe mpya, kwa kuwa bei ya mwaka jana itaangusha bajeti iliyorekebishwa vizuri. Malizia na hii:

"Kuomba tena hakuhakikishi kupata. Ombi jipya litasomwa upya, na alama za safari hii hazitahesabiwa."

Nusu ya pili wengi huiacha, na ndiyo inayomtoa mtu hofu kwamba ameshachafuka jina.

Hatua ya 5: Kuifikisha

Barua za waliokosa zitoke siku moja na za waliopata. Ukichelewesha wiki moja, redio mbao itakuwa imeshawafikia, na itawafikishia sababu zake yenyewe.

Siku hiyo piga simu jioni, watu wakishatoka shambani. Mwambie mwenyekiti jibu lenyewe, "Shikamoo mzee, safari hii hamkuchaguliwa, barua yenye sababu inakuja", usimwache na "kuna barua yenu". Kisha tuma picha au PDF kwa WhatsApp ya katibu, na nakala yenye mhuri kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Usitume kwenye kundi la WhatsApp la waombaji wote, hata kama ni rahisi.

Kuunganisha majina na anwani kutoka kwenye jedwali, tumia Mailings ya Word. Aya ya sababu iandike kwa mkono, barua kwa barua. Kwa barua 40 hiyo ni kazi ya siku tatu, na uziombe siku hizo kwa bosi wako kabla kamati haijaketi.

Nakala ya kila barua iambatishe kwenye jalada la kikundi. Ombi lao jipya likifika, msomaji wa safari hiyo aione baada ya kutoa alama zake, siyo kabla, ili uweze kupima kama yale mawili uliyowaandikia ndiyo yaliyobadilika.