Kumwamkia jirani asubuhi kwa Kinyarwanda, kuanzia mlangoni hadi kuaga

Nyamirambo, hapa Kigali ninapoishi, Kiswahili utakisikia dukani na msikitini, na tangu 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Lakini ukienda kwa bibi wa nyumba ya pili asubuhi, mwamkie kwa lugha yake. Wageni ninaowafundisha wakitokea Tanzania hukosea palepale kila mara, kwa hiyo mifano hii inafuata njia ya bibi huyo.

Hatua ya 1: Amua kama ni "wa" au "mwa"

Salamu ya asubuhi ni "Waramutse" kwa mtoto au rafiki wa rika lako, na "Mwaramutse" kwa watu wengi. Kinyarwanda hakina "shikamoo". Heshima inabebwa na wingi: mtu mzima mmoja unamsemesha kana kwamba ni wengi. Kwa bibi, basi, sema "Mwaramutse, mukecuru". Neno "mukecuru" ni la heshima kwa mwanamke mzee.

Kitenzi chenyewe, "kuramuka", ni kuamka salama, kama sisi tunavyosema "umeamkaje". Kwenye matamshi, "mw" husikika karibu na "mng'w", na "tse" ni pigo moja. Ukichomeka "i" katikati ukasema "mutise", utaeleweka, lakini bibi atacheka.

Jibu ni kuirudisha salamu ileile. Hapa ndipo wengi wetu hujibu "nzuri" kwa mazoea ya "habari za asubuhi". Usifanye hivyo. Yeye, kwa kuwa amekuzidi umri, anaweza kukujibu "Waramutse". Hajakudharau, na wewe endelea na "mwa".

Vitabu vingi vya wasafiri huanza na "Muraho". Hiyo ni ya mtu ambaye hamjaonana siku nyingi. Jirani uliyemwona jana atashangaa umesafiri lini.

Mkimkaribia kupeana mikono, shika mkono wako wa kulia kwa mkono wa kushoto, karibu na kiwiko. Ndiyo adabu kwa mkubwa.

Hatua ya 2: Uliza habari, kisha hali

Maswali haya ni mawili, na majibu yake hayabadilishani.

"Amakuru yanyu?" ni habari zenu. Jibu: "Ni meza." Usiifikirie meza ya kulia chakula. Hiyo "meza" ni "nzuri" iliyofuata ngeli ya "amakuru", kama sisi tunavyosema "mambo mazuri".

"Mumeze mute?" ni hali yenu vipi. Sikio la Kiswahili husikia habari ya kumeza kitu, lakini "kumera" hapa ni kuwa katika hali fulani. Jibu la mtu mmoja ni "Meze neza", la wengi "Tumeze neza". Ukichanganya na kujibu "ni meza" kwa swali la afya, umezungumzia habari, hukuzungumzia mwili wako.

Sasa angalia "mute". Neno hili la "vipi" hubadilika kumfuata anayeulizwa:

- Umeze ute? (wewe)
- Mumeze mute? (nyinyi, au mkubwa mmoja)
- Ameze ate? (yeye)
- Bameze bate? (wao)

Ukishika mstari huu unaweza kuulizia nyumba nzima. "Abana bameze bate?" ni watoto hawajambo. Jibu: "Bameze neza."

Hatua ya 3: Ukiambiwa kuna mgonjwa

Neno la kutega sikio ni "ararwaye", yaani anaumwa. Herufi "rw" husikika karibu na "rgw". Ukilisikia, usikimbilie swali linalofuata. Sema kwanza "Mwihangane", ambayo ni vumilieni, na hutumika kama "poleni" yetu. Kisha mwombee mgonjwa: "Arware ubukira." Ukimwambia mgonjwa mwenyewe ni "Urware ubukira", na akiwa mkubwa "Murware ubukira". Ndani yake kuna kuugua na kupona kwa pamoja, kwa hiyo anayejua "ugua pole" hapati shida kuielewa.

Mazungumzo mazima huwa hivi:

— Mwaramutse, mukecuru.
— Waramutse, mwana wanjye.
— Amakuru yanyu?
— Ni meza.
— Abana bameze bate?
— Umwe ararwaye.
— Mwihangane. Arware ubukira.
— Urakoze.

"Urakoze" ni asante. Wewe ukimshukuru yeye, sema "Murakoze".

Hatua ya 4: Kuaga

Ukiondoka asubuhi sema "Mwirirwe", yaani shindeni vyema. Itamke polepole, kwa sababu "Mwiriwe", isiyo na "r" ya pili, ni salamu ya mchana ya kukutana. Ukiisema mlangoni ukiwa unatoka, bibi atadhani ndiyo kwanza unaingia na atakusogezea kiti.