Ratiba ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu: anzia kwenye usingizi wa mchana

Mtoto anayegaragara sakafuni saa 12 jioni kwa sababu amepewa kikombe cha bluu badala ya chekundu, hagombani na kikombe. Mara nyingi siku yake iliharibika tangu asubuhi: alikunywa chai akashiba maji, akala nusu ya chakula, akalala akiwa amechelewa. Ndiyo maana mwongozo huu haushughuliki sana na jioni. Jioni hujirekebisha yenyewe mchana ukikaa sawa.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Mtoto wa miezi 20, nyumba iko Dar es Salaam, wazazi wote wanatoka kwenda kazini, mtoto anabaki na dada. Siku yake ilivyo sasa: anaamka kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kutegemea alilala lini. Saa 3 chai ya maziwa na andazi. Saa 5 biskuti. Chakula cha nyumba kinaiva saa 7:30, naye anasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Analala saa 8:30, anaamka saa 11 jioni, na saa 4 usiku bado anaruka kitandani huku mama hoi.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Ukimwekea dada kengele kwenye simu, kumbuka saa 6 mchana simu inaiandika 12:00. Kosa hili ni dogo lakini hutokea.

Hatua ya 1: Funga saa ya kuamka

Chagua saa moja, mwamshe saa hiyo kila siku, hata Jumapili, hata kama jana alichelewa kulala. Kwa mtoto wetu ni saa 12:30 asubuhi. Fungua dirisha, mwanga uingie. Siku mbili za kwanza atakuwa na kisirani, na hilo ni la kutarajiwa, kwa sababu uchovu huohuo ndio utakaomlaza mapema mchana.

Wazazi wanaorudi saa 2 usiku na wanataka kumkuta macho wasimcheleweshe kulala peke yake. Isogezeni siku nzima mbele kwa saa moja, kuanzia kuamka, kula, mchana hadi usiku. Ukisogeza kulala tu na kuacha kuamka palepale, umemnyang'anya usingizi. Kwa umri wa mwaka 1 hadi 2, Shirika la Afya Duniani linashauri saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, mchana na usiku pamoja. Miaka 3 na 4 ni saa 10 hadi 13.

Hatua ya 2: Panga chakula, kisha ziba mianya kati ya milo

Kwa mtoto wetu: uji au mlo wa asubuhi saa 1:15, kitafunwa saa 3, chakula cha mchana saa 5:15, kitafunwa saa 8:30 baada ya kuamka, chakula cha jioni saa 12. Kati ya hapo ni maji tu. Anayenyonya ataendelea kunyonya, ila nyonyo ya katikati ya asubuhi iwe pamoja na kitafunwa, isiwe dakika kumi kabla ya chakula.

Kitafunwa ni nusu ya ndizi mbivu, au kipande cha papai, au maziwa nusu kikombe. Si vyote vitatu. Maziwa ya ng'ombe yakizidi nusu lita kwa siku yanajaza tumbo na kumkosesha hamu ya maharage, mboga na nyama, vyakula vyenye madini ya chuma. Chai mimi naiondoa kabisa: inazuia mwili kufyonza madini hayo, na ile ya sukari nyingi inamshibisha bure. Karanga nzima asipewe, zinapalia. Zisagwe ziingie kwenye uji au mchicha.

Kizuizi kikubwa hapa ni jiko. Nyumba nyingi zinakula saa 7 au 8, na dada hawezi kuwa na wali na mboga saa 5:15. Msimlazimishe kupika mara mbili. Chakula cha mchana cha mtoto kitengwe usiku wa jana: ndizi za kupika na maharage, au viazi na samaki aliyetolewa miiba, kiingie kwenye friji mapema, na kesho kipashwe hadi kitoe mvuke. Kama hakuna friji, chagua kinachoiva haraka, mfano viazi vilivyokatwa vidogo na yai la kuvuruga lililoiva vizuri. Nyumba ikila saa 7:30, yeye yuko usingizini, na dada anakula kwa utulivu.

Akikataa kula, ondoa sahani baada ya dakika 20 hivi bila kubembeleza na bila biskuti ya fidia. Kitafunwa kijacho hakiko mbali. Biskuti ya fidia ndiyo inayomfundisha kususa.

Hatua ya 3: Usingizi wa mchana

Hapa ndipo ratiba nyingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Hamu ya usingizi hujikusanya kadiri mtoto anavyokaa macho. Mtoto wa umri huu anayelala mara moja mchana huhimili kukaa macho saa 5 hadi 5 na nusu hivi, kisha anahitaji kulala. Aliyeamka saa 12:30 anafikia hapo karibu saa 6 mchana. Ukimpitisha, halegei, anachangamka. Anakimbia hovyo, anajikwaa, anacheka kupita kiasi, anauma. Watu husema "huyu hana usingizi", kumbe amepitiliza. Dalili za kumuwahi ni za dakika chache: anavuta sikio, anakodolea macho mahali pamoja, anaacha mchezo anaoupenda.

Kwa hiyo: saa 5:15 anakula, saa 5:45 ananawishwa na kubadilishwa nepi, pazia linashushwa, wimbo mmoja, uleule kila siku, na saa 6 yuko kitandani. Alale hadi saa 8 hivi.

Kikomo ni muhimu kuliko mwanzo. Usingizi wa mchana uishe angalau saa 4 na nusu kabla ya kulala usiku. Kwa kulala saa 1:30 usiku, saa 9 alasiri awe macho. Siku ikiharibika, mfano mlikuwa kliniki na amelala saa 8:45, usimnyime, na pia usimwachie. Mpe nusu saa, mwamshe, na usiku msogeze nusu saa. Kumuamsha ni kufungua pazia, kumwekea mkono mgongoni na kuongea kwa sauti ya kawaida. Atalia dakika kumi au hata ishirini akiwa hajazinduka sawasawa. Usimpe maagizo wakati huo. Mpakate, mpe maji.

Kinachovuruga mipango mizuri ni usingizi wa njiani. Dakika kumi za kusinzia mgongoni kwenye kanga saa 11 jioni, au kwenye daladala, zinapunguza hamu ya usingizi kiasi cha kumpeleka saa 3 usiku, na kila mtu anaapa kwamba "leo hakulala jioni". Baada ya saa 9:30 asibebwe mgongoni akiwa amechoka. Atembezwe, au abebwe kiunoni akiongeleshwa na kuonyeshwa mbuzi na magari. Muulize dada hasa hivi: "Alisinzia mgongoni?" Ukiuliza "Alilala?", atakujibu hapana, na hatakuwa amedanganya.

Mtoto ambaye bado analala mara mbili, asubuhi na alasiri, huwa tayari kubaki na mara moja kati ya miezi 15 na 18. Subiri uone kwa wiki mbili mfululizo kwamba anakataa ule wa alasiri, au anaulala kisha usiku haulaliki. Halafu usogeze ule wa asubuhi kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili. Ukiwa saa 4, utafika saa 6 baada ya siku 16, na chakula cha mchana kinausogelea polepole. Wanaorusha saa mbili kwa siku moja hupata mtoto anayelala dakika 40 na kuamka akilia.

Hatua ya 4: Mchezo, na namna ya kuukatisha

Kucheza hakuhitaji kufundishwa. Nje asubuhi kabla ya jua kali, nje tena kuanzia saa 9:30. Masufuria, mchanga na maji ya kumiminia vinatosha. Televisheni kabla ya miaka miwili sioni sababu yake, na Shirika la Afya Duniani pia haliishauri kwa mtoto wa mwaka mmoja.

Ugomvi uko kwenye kuacha. "Dakika tano" hazijui, kwa hiyo hesabu vitendo: "Miminia mara mbili tena, halafu tunaoga." Hesabu naye, na mara mbili iwe mbili kweli. Usiseme "Twende tukaoge, sawa?" Hiyo "sawa?" umemfungulia mlango wa kukataa, na amekataa. Sema "Sasa tunaoga," kisha mpe la kuamua ndani yake: abebe kopo au abebe sabuni. Beseni liwekwe mahali palepale kila siku. Baada ya wiki moja hivi, sauti ya maji ikiingia kwenye beseni inafanya kazi kuliko maneno.

Hatua ya 5: Jioni

Kuoga saa 11:30, kula saa 12, taa kupunguzwa saa 1, kitandani saa 1:30. Kwetu jua linazama karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, kwa hiyo giza lenyewe linakusaidia. Mwezi wa Ramadhani nyumba inachangamka wakati huohuo. Akae kwenye futari kidogo, lakini cha kwake awe amekula, na saa 1:30 isimame.

Hatua ya 6: Karatasi ya mlango wa jikoni

Andika mfuatano kabla ya saa: kula, kunawa, pazia, wimbo, kulala. Dada au bibi akichelewa kwa nusu saa, asiruke hatua. Pembeni aandike vitu vitatu tu kila siku: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alisinzia njiani au la. Siku saba za maandishi hayo zitakuonyesha tatizo liko wapi.

Homa, kuharisha au safari ikija, ratiba iwekeni kando. Anywe na kulala anavyotaka, mrudi kwenye saa ya kuamka akipona. Na ikiwa ratiba imeshika wiki tatu lakini anakoroma sana na kukata pumzi usiku, au uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi, hilo si la ratiba. Apelekwe akaonwe.