Kisanduku cheusi kiandikiwe mahali pake

Ukinakili hati iliyoskaniwa yenye visanduku vyeusi vilivyowekwa kuficha maneno, usiruke wala usijaze kwa kubahatisha. Weka alama palepale kilipo kisanduku, hivi:

```
Naibu mkurugenzi wa [imefichwa: uk. 3, mst. 7, nusu mstari] aliidhinisha malipo.
```

Nimeanza kufanya hivi baada ya kuona programu ya kusoma maandishi ikiruka kisanduku na kuunganisha maneno ya pande zote mbili. Sentensi kama "Malipo ya ▇▇▇ hayakuidhinishwa" hutoka "Malipo ya hayakuidhinishwa", na mhariri akifuta hiyo "ya" akidhani ni kosa la chapa, msomaji ataamini kwamba malipo yote yalikataliwa. Alama huzuia hilo. Pia, nakala nyingine ya hati hiyohiyo ikitolewa baadaye ikiwa na visanduku vichache, utajua mara moja kipi kimefunguliwa.

Pima ukubwa kwa sehemu ya mstari. Usihesabu herufi ukidhani umepata urefu wa jina, kwa sababu aliyeficha mara nyingi hupitisha wino hadi kwenye nafasi tupu. Kama pembeni pameandikwa sababu ya kuficha, inakili ilivyo.

Njia hii hushindwa pale kilichofichwa kimefunikwa kwa rangi nyeupe, maana huonekana kama nafasi ya kawaida. Na weusi wenye kingo zilizochakaa huenda ni kivuli cha mashine tu. Hapo andika "doa jeusi", usiandike "imefichwa".