Usinuse Wali, Tazama Saa

Msimu wa kuokota korosho, mama wa nyumbani anapika wali saa 1 usiku ili vibarua wabebe asubuhi. Alfajiri anafunua sufuria, matone ya mvuke yanadondoka kutoka kwenye mfuniko, anainamisha pua. "Haujachacha," anasema, anafunika tena. Hapo ndipo mnapokosea, kila mwaka, na ndilo ninaloandikia leo.

Ukinusa maziwa yaliyochacha, ukali unaousikia ni asidi ya vijidudu vinavyogandisha maziwa. Nyama nayo ikivunda hunuka. Harufu mbaya ikupe sababu ya kumwaga. Lakini kukosekana kwa harufu si cheti cha usalama, kwa sababu vijidudu vinavyonukisha chakula si lazima viwe ndivyo vinavyowaletea watu ugonjwa.

Kwenye wali tatizo liko hivi. Mchele hutoka shambani na mbegu za kijidudu kiitwacho *Bacillus cereus*, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemka. Wali unapopoa polepole mbegu huamka, vijidudu huzaana, na hutengeneza sumu isiyo na harufu. Sufuria iliyojaa, tena imefunikwa, hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, hasa kwa joto letu la Lindi na Mtwara. Ukipasha asubuhi utaua vijidudu, ila sumu ile haivunjiki kwa moto. Hata uuchemshe upya.

Hebu tuhesabu sufuria ya yule mama. Umepikwa saa 1 usiku, umeliwa saa 6 mchana: saa 17. Mtu akianza kutapika kati ya saa 6 na nusu na saa 12 jioni, msimtafute mchawi wala kulaumu maji ya kisima. Sumu hii huanza kutapisha ndani ya nusu saa hadi saa sita baada ya kula. Wali wa nazi ndio unaodanganya zaidi, kwani harufu ya tui hufunika mengi.

Kipimo ni hiki: wali usikae nje zaidi ya saa mbili tangu uepuliwe motoni, na jua likiwa kali, saa moja. Msiniambie "ni kidogo tu umezidi"! Mwenye friji autandaze kwenye sinia, unene usiozidi vidole viwili, uingie humo ndani ya saa moja, na uliwe kesho yake ukiwa umepashwa hadi unatoa mvuke kila mahali. Asiye na friji apike wa kuisha usiku huohuo.

Kwa shambani, bebeni mchele mkavu na sufuria, mpike chini ya mkorosho saa 5, mle saa 6. Kama ni lazima upikwe nyumbani, pika saa 4, uingize kwenye hotpoti ukiwa bado unafuka, hotpoti yenyewe ikiwa imesuuzwa kwa maji ya moto, na kijana aupeleke mara moja. Ukifunguliwa unafuka na mkono hauvumilii kuushika, kuleni.